Muhtasari wa Namna Gani?

Kitenzi "fupisha" kinatokana na kivumishi "-fupi", na maana yake ni kufanya kitu kiwe kifupi. Hakisemi kiwe kifupi kiasi gani wala kiwe na umbo gani. Hayo hutajwa na maneno yanayokifuata.

Tuchukue mfano. Mkaguzi aliyeko Gitega anamwandikia mwalimu wa Muyinga: "Fupisha ripoti ya mahudhurio." Ripoti ina kurasa 8. Ikiwa anataka mstari mmoja, jibu ni: "Mahudhurio ya darasa la 4 yalishuka wakati wa mavuno ya kahawa." Ikiwa anataka ukurasa mmoja, tutaongeza sababu na idadi, na vitenzi vitabaki na kiambishi "-li-". Ikiwa anataka orodha ya hatua, kitenzi hubadilika: "Mkuu wa shule aitishe mkutano wa wazazi." Hii ni hali tegemezi, yenye kiishio "-e". Mtenda naye hutajwa, kwa kuwa "mkutano uitishwe" haimwonyeshi wa kuuitisha. Hatua isiyomo katika ripoti haiongezwi.

Basi mwalimu aulize kabla ya kuandika: "Bwana Mkaguzi, muhtasari uwe wa mstari mmoja, wa ukurasa mmoja, au uwe orodha ya hatua?" Neno "uwe" huomba agizo, "utakuwa" lingeuliza habari tu.

Zoezi: Andika upya agizo la mkaguzi ili swali hilo lisihitajike.