Sampuli ya 30 haitoshi kila mahali: wastani wa data zenye upogo

Nadharia ya kikomo cha kati husema kwamba wastani wa sampuli zilizochotwa kwa nasibu kutoka kundi lolote lenye mkengeuko sanifu wenye kikomo hukaribia kufuata mgawanyo wa kawaida, ule wenye umbo la kengele, kadiri sampuli inavyokuwa kubwa. Nadharia haitaji ukubwa wenyewe, na pengo hilo limezibwa na vitabu vingi vya wanaoanza kwa namba 30, ambayo hurithishwa darasa hadi darasa bila kuelezwa ilikotoka, jambo lisilowatendea haki wanafunzi wanaokwenda kuitumia kwenye mapato, gharama za matibabu au muda wa kusubiri.

Data za aina hiyo zina upogo, yaani kuegemea upande mmoja: thamani nyingi ni ndogo, na chache ni kubwa mno zikivuta mkia kuelekea kulia. Upogo hupimwa kwa kipimo ambacho ni sifuri pale pande mbili zinapolingana, na katika wastani wa sampuli ya ukubwa n upogo wa kundi hugawanywa kwa kipeuo cha pili cha n. Ukichukuliwa muda wa kusubiri unaofuata mgawanyo wa kipeo, wenye wastani wa dakika 10, mkengeuko sanifu nao ni dakika 10, upogo ni 2, na asilimia 63 hivi ya wateja husubiri chini ya wastani. Kwa sampuli ya 30, upogo wa wastani hushuka hadi 0.37, kiasi ambacho kwenye mchoro huonekana kidogo na hapo wengi huridhika.

Tatizo halimo kwenye mchoro huo. Katika kazi halisi mkengeuko sanifu wa kundi haujulikani, hivyo hukadiriwa kutoka sampuli ileile iliyotoa wastani, na katika data zenye mkia wa kulia makadirio hayo mawili hupanda na kushuka pamoja. Sampuli iliyokosa wale wachache waliosubiri sana hutoa wastani mdogo na, wakati huohuo, mkengeuko mdogo, kwa hiyo masafa ya uhakika ya asilimia 95 yanayojengwa juu yake huwa yamekaa chini na tena ni membamba. Kwa sababu hiyo makosa hayagawanyiki sawa, asilimia 2.5 kila upande, kama inavyoahidiwa. Njia ya kuaminika ya kuligundua hilo ni kuiga uchukuaji wa sampuli kwa kompyuta na kuhesabu makosa ya kila upande peke yake, wala si jumla yake tu, kama inavyofanyika hapa katika R:

```r
x <- replicate(10000,
  t.test(rexp(30, 1/10))$conf.int)
mean(x[2, ] < 10)
mean(x[1, ] > 10)
```

Jibu la kwanza, yaani masafa yaliyoishia chini ya wastani wa kweli, huwa karibu asilimia 6, na la pili huwa asilimia 1 hivi. Anayepanga bajeti kwa masafa hayo hukadiria gharama pungufu mara nyingi zaidi kuliko anavyodhani. Kubadilisha 30 kuwa 100 na kuendesha upya huonyesha pengo likipungua bila kwisha.

Kwa makadirio ya haraka, mwanatakwimu William Cochran alipendekeza n izidi mara 25 ya mraba wa upogo, ili masafa ya asilimia 95 yasikosee zaidi ya asilimia 6. Kwa mfano wa dakika hapo juu hiyo ni zaidi ya 100. Kwa mgawanyo ambao logi zake ni za kawaida zenye mkengeuko sanifu wa 1, upogo ni takriban 6.2 na sampuli inayotakiwa hufika 950 na ushei.

Kanuni hiyo ina mtego mmoja unaostahili kukumbukwa kuliko kanuni yenyewe. Upogo unaopimwa ndani ya sampuli ya ukubwa n hauwezi kuzidi (n − 2)/√(n − 1), hata data ziweje, na kwa n = 30 kikomo hicho ni 5.2. Kundi lenye upogo wa 6.2 haliwezi kamwe kuuonyesha wote katika thamani 30, kwa hiyo sampuli ndogo hujitangaza kuwa inatosha kwa kuwa tu ni ndogo. Upogo wa kuingiza kwenye kanuni yafaa utoke kwenye data kubwa za awali za aina hiyohiyo, kama kumbukumbu za miaka iliyopita.

Kuchukua logi za data hupunguza upogo, lakini kinachokadiriwa hapo si tena wastani wa kawaida, na mwenye kutaka jumla ya gharama hawezi kukitumia moja kwa moja. Pale mkia ulipo mzito kiasi kwamba mkengeuko sanifu wa kundi hauna kikomo, kama katika mgawanyo wa Pareto wenye kipeo cha 2 au pungufu, nadharia katika umbo hili haitumiki, na kanuni ya Cochran haina upogo wa kuuingiza.