Usiache Mbachao kwa Msala Upitao

Mdogo wangu,

Ndaga fijo kwa kuniambia ukweli pale dirishani, maana wengi huacha dawa kimyakimya. Unasema hutaki tena amlodipini, umepata majani na choya, na siku ya nne ulipopima ukakuta 130/82. Ukafurahi. Mimi nikaogopa.

Sikiliza. Amlodipini hukaa mwilini muda mrefu. Ukiiacha leo haiondoki leo. Ni kama mvua yetu ya Tukuyu, imekatika asubuhi lakini udongo bado mbichi. Kwa hiyo kipimo cha siku ya nne kinaweza kuwa kazi ya kidonge, nawe ukayasifu majani. Hapo ndipo watu wanapodanganyika. Daftari lako linaonyesha ulianza na 176/102 kabla ya vidonge. Wiki mbili tatu zikipita, presha inaweza kurudi kule kule, na wala kichwa hakitakuuma kukuonya.

Sisemi choya ni uongo. Choya na kitunguu saumu vinaweza kushusha presha kidogo, lakini hicho kidogo hakitoshi kwa 176. Tena ukiyachemsha majani nyumbani, kikombe cha leo huwa kikali na cha kesho chepesi. Nani atajua umekunywa kiasi gani?

Mwaka 2011 tuliona misururu ya kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500 kwa Mchungaji Masapila. Walioamini wamepona wakaacha dawa, na wengine walifia njiani. Sikulaumu, mdogo wangu. Kuchoka kumeza kidonge kila siku ni kuchoka kwa kweli.

Ila nilikuona ukikunja uso nilipokuuliza kuhusu miguu. Viatu vinakubana jioni, sivyo? Amlodipini huvimbisha vifundo vya miguu, hasa ya miligramu 10. Kumbe tatizo lako ni hilo! Mwambie daktari pale Makandana. Anaweza kupunguza kipimo au kukubadilishia dawa. Usinyamaze, mficha maradhi kifo humuumbua. Na kama jirani yako anatumia atenololi, usimshawishi aache ghafla, moyo wake unaweza kuleta balaa.

Ukitaka choya, kunywa huku unaendelea na vidonge, daktari ajue. Pima kabla ya kidonge cha asubuhi: kaa dakika tano, usikunje miguu, mkono uwe usawa wa moyo, upime mara mbili na uandike. Ukiinuka ukaona kizunguzungu, sema. Lakini mdomo ukipinda, mkono ukilegea au kifua kikibana, usichemshe kitu chochote, kimbilia hospitali.

Vidonge rudia leo, kile kile cha kwenye karatasi ya daktari, wala usimeze viwili kufidia siku zilizopita. Na hayo majani uniletee niyaone, pamoja na daftari.

Dada yako wa duka la dawa