Ekari Moja Imeenda Wapi? Namna ya Kukagua Vipimo vya Ramani ya Shamba

Katika wadi ya Keumbu, kama kwingine hapa Kisii, mashamba mengi ni vipande vyembamba vinavyoanzia barabarani juu na kuteremka hadi mtoni. Familia zinapotaka kugawa vipande hivyo, jambo la kwanza huwa ni kutafuta nakala ya ramani ya usajili, kuchukua rula na kuanza kupiga hesabu mezani. Hapo ndipo ugomvi mwingi huzaliwa. Si kila mara mtu ameiba ardhi. Wakati mwingine skeli ya ramani ndiyo iliyotumiwa vibaya.

Somo hili linaonyesha namna mwananchi anavyoweza kugundua kosa hilo mwenyewe kabla ya kumshuku jirani. Familia tutakayoitumia ni ya mfano tu, na vipimo vyake vimechaguliwa ili hesabu iwe rahisi kufuata.

Familia ya mfano

Mzee amefariki na kuwaachia wana watatu shamba karibu na barabara ya Kisii kwenda Keroka. Hatimiliki inasema shamba lina takriban hekta 0.81. Hekta moja ni ekari 2.471, kwa hiyo hiyo ni ekari mbili. Kila mwana anatarajia theluthi mbili za ekari.

Kijana wa kwanza anapata fotokopi ya sehemu ya ramani inayoonyesha shamba lao. Pembeni pameandikwa skeli 1:2,500. Maana yake ni kwamba kila kipimo kwenye karatasi ni kikubwa mara 2,500 ardhini, na kwa hiyo sentimita moja ya ramani ni sentimita 2,500 za ardhi, yaani mita 25. Milimita moja ni mita 2.5.

Anapima kwa rula. Upande wa barabarani una milimita 17, na upande unaoshuka mtoni una milimita 38. Anazidisha:

17 × 2.5 = mita 42.5
38 × 2.5 = mita 95
42.5 × 95 = mita mraba 4,037.5

Ekari moja ni takriban mita mraba 4,047. Kwa hesabu yake, ramani inaonyesha ekari moja tu. Ekari nyingine haipo! Jioni hiyo nyumbani wanasema ramani ilichezewa na jirani akakatiwa ekari yao. Kesho yake mmoja wao anataka kung'oa ua wa jirani.

Kuzidisha kwake hakuna kosa. Kosa liko kwenye karatasi aliyoshika.

Karatasi ilipunguzwa, maandishi hayakubadilika

Nakala ya kwanza ilikuwa kwenye karatasi ya ukubwa wa A3. Mtu wa fotokopi aliipunguza ili iingie kwenye A4, ambayo ndiyo karatasi ya kawaida ya ofisini. Mashine inapofanya hivyo hupunguza kila urefu hadi asilimia 71 hivi ya ulivyokuwa. Mistari ya mipaka hupungua, barabara hupungua, hata herufi hupungua. Lakini namba "1:2,500" hubaki vile vile, na kuanzia hapo huwa si ya kweli.

Angalia pia kinachotokea kwa eneo. Upana umepungua hadi asilimia 71, na urefu nao umepungua hadi asilimia 71. Eneo ni upana mara urefu, kwa hiyo upungufu huo unaingia mara mbili: 0.71 × 0.71 ni takriban 0.5. Ndiyo maana ekari mbili zilisomeka kama moja. Nusu kamili ya shamba ilipotea kwenye mashine ya fotokopi.

Kanuni hiyo ndiyo ufunguo wa somo zima. Skeli ikikosewa, urefu hukosewa mara moja, lakini eneo hukosewa mara mbili. Kwa mfano, ramani nyingine za usajili huchorwa kwa skeli ya 1:5,000. Mtu akiisoma ramani ya 1:2,500 kana kwamba ni ya 1:5,000, kila upande utaonekana mara mbili ya ukweli, na shamba litaonekana mara nne. Ekari mbili zitakuwa nane. Mnunuzi anayeonyeshwa hesabu kama hiyo anaweza kulipia ardhi ambayo haipo.

Jaribio la kwanza: umbo

Kabla ya kumlaumu mtu, pima upande mmoja wa shamba lenyewe kwa tepu. Chagua ulio tambarare. Kwa familia yetu ni ule wa barabarani. Wanapima na kupata mita 60, ilhali hesabu ya ramani ilitoa 42.5. Gawanya 42.5 kwa 60, unapata takriban 0.71.

Sasa pima upande mrefu. Wanapata mita 135 baada ya kusahihisha mteremko, jambo tutakalolieleza baadaye. Ramani ilitoa 95. Gawanya 95 kwa 135, unapata takriban 0.70.

Majibu hayo mawili yanakaribiana sana, na hiyo ni dalili ya skeli. Karatasi iliyopunguzwa hupunguza pande zote kwa kiwango kimoja, na umbo la shamba hubaki lile lile. Mpaka ukisogezwa, iwe ardhini au kwenye ramani, hali huwa tofauti. Jirani wa kando angekuwa amekatiwa ekari moja, upana ungeshuka hadi mita 30 hivi, lakini urefu wa kwenda mtoni ungebaki 135. Upande mmoja ungekataa na mwingine ungekubali.

Kwa hiyo kumbuka hivi: pande zote zikipungua au kuzidi kwa kiwango kimoja, shuku skeli. Upande mmoja pekee ukitofautiana, hapo kuna swali la mpaka, na linahitaji kupelekwa mahali pake.

Jaribio la pili: tafuta skeli ya kweli

Unaweza kupata skeli halisi ya karatasi uliyoshika bila kujali kilichoandikwa. Chukua urefu uliopimwa ardhini, ugeuze uwe milimita, kisha ugawanye kwa milimita za ramani. Mita 60 ni milimita 60,000.

60,000 ÷ 17 = takriban 3,530

Nakala ile basi ni ya 1:3,530, wala si 1:2,500. Milimita moja juu yake ni mita 3.53. Rudia hesabu:

17 × 3.53 = takriban mita 60
38 × 3.53 = takriban mita 134
60 × 134 = mita mraba 8,040

Hizo ni hekta 0.80, karibu sawa na 0.81 ya hatimiliki. Ekari imepatikana, na haikuwa imekwenda kwa jirani.

Utapata jibu bora zaidi ukitumia umbali mrefu, kwa mfano kutoka kona moja ya barabara hadi njia panda inayoonekana kwenye ramani, kwa sababu kosa dogo la rula halina uzito mkubwa katika umbali mrefu. Ikiwa karatasi ina mstari wa skeli uliochorwa na kugawanywa kwa mita, tumia huo. Mstari uliochorwa hupungua pamoja na ramani, kwa hiyo hausemi uongo kama namba. Picha ya ramani kwenye simu usiipime kabisa kwa namba ya skeli, kwa kuwa kila ukiivuta kwa vidole skeli yake inabadilika.

Kosa jingine: kuzidisha eneo kwa skeli ya urefu

Wengine hupima eneo kwenye karatasi kwanza. Kwenye ramani isiyopunguzwa, shamba letu lina sentimita 2.4 kwa 5.4, yaani sentimita mraba 12.96. Kisha huzidisha kwa 25, kwa sababu sentimita moja ni mita 25, na kupata mita mraba 324. Hiyo ni ndogo kuliko ploti ya futi 50 kwa 100, ambayo ina takriban mita mraba 465. Jibu hilo haliwezi kuwa shamba la ekari mbili.

Sentimita mraba moja ni mraba wenye mita 25 kila upande, yaani 25 × 25, ambayo ni mita mraba 625. Na 12.96 × 625 ni mita mraba 8,100 kamili.

Mambo ambayo rula haiwezi kumaliza

La kwanza ni mteremko. Ramani huonyesha umbali bapa, kana kwamba ardhi imenyooshwa kama meza. Tepu ikilazwa juu ya mteremko husoma zaidi. Shamba lenye urefu bapa wa mita 135 linaloshuka mita 30 hadi mtoni litasomeka mita 138 na zaidi kwenye tepu. Pima kwa hatua fupi ukishikilia tepu bapa, au pima upande ulio tambarare tu.

La pili ni unene wa mstari. Kwenye ramani ya 1:2,500, nusu milimita ni mita 1.25 ardhini. Kosa la kiasi hicho kila upande katika shamba letu linaweza kufikia takriban mita mraba 240, ambayo ni nusu ya ploti ya futi 50 kwa 100. Rula inaweza kukuonyesha ekari iliyopotea kwa skeli, lakini haiwezi kuamua ugomvi wa mita moja ya ua.

Sheria nayo inalijua hilo. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 18, inasema mipaka iliyo kwenye ramani ya usajili ni ya kukadiria, isipokuwa ile iliyothibitishwa rasmi. Kifungu hicho hicho kinaizuia mahakama kusikiliza kesi ya mpaka wa ardhi iliyosajiliwa kabla mpaka haujaamuliwa kwa utaratibu wa sheria hiyo. Mwenye ugomvi wa mpaka huanza kwa Msajili wa Ardhi, ambaye huwaita majirani wote wanaohusika.

Ukienda huko, beba nakala ya hatimiliki, vipimo vyako vya tepu na nakala ya ramani ambayo haikupunguzwa. Unapoomba fotokopi, mwambie mhudumu atoe asilimia 100, kisha upime shamba lako kwenye ramani ya kwanza na kwenye nakala ukiwa bado pale mezani. Milimita zisipolingana, rudisha karatasi hiyo kabla hujaipeleka nyumbani.