Kusoma Mistari ya Ukuaji kwenye Kadi ya Kliniki ya Mtoto

Mtoto anapopimwa uzito kliniki, mhudumu huweka nukta kwenye chati ya ukuaji. Mhimili wa chini huonyesha umri kwa miezi, na mhimili wa wima huonyesha uzito kwa kilo. Kati yake hupita mistari iliyopinda ambayo kwa kawaida huandikwa 3, 15, 50, 85 na 97. Wazazi wengi huondoka na kadi bila kuelezwa maana ya namba hizo, na baadhi ya wahudumu hutazama tu iwapo nukta imeangukia eneo salama. Makala hii inaeleza namna ya kuisoma mistari hiyo, na sababu ya kutazama mwelekeo wa nukta kabla ya mahali zilipo.

Maana ya namba

Namba hizo si alama za mtihani. Mzazi anayeambiwa kuwa mwanawe yupo kwenye mstari wa 15 hapaswi kudhani kuwa mtoto amepata 15 kati ya 100. Maana yake ni hii: watoto 100 wenye afya, wa jinsia moja na umri mmoja, wakipangwa kuanzia mwepesi hadi mzito, takriban 15 watakuwa na uzito ulio chini ya mstari huo na 85 watakuwa juu yake. Mstari wa 50 ndio wa katikati. Nusu ya watoto wenye afya huwa chini yake, na hilo si kasoro.

Mistari inayotumika katika nchi nyingi ilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006, baada ya kupima watoto wa Brazili, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani. Watoto hao walinyonyeshwa maziwa ya mama na kuishi katika mazingira yasiyozuia ukuaji. Ilibainika kwamba katika mazingira hayo watoto wadogo wa nchi hizo hukua kwa namna inayofanana sana. Kwa hiyo hoja kwamba mistari hiyo ni ya watoto wa Ulaya haina msingi.

Mtoto mwenye afya huwa na njia yake. Aliye karibu na mstari wa 15 tangu miezi ya mwanzo, na ambaye nukta zake hupanda sambamba na mstari huo, kwa kawaida anakua vema. Wasiwasi huanza mtoto anapoiacha njia yake.

Mfano wa mtoto mmoja

Tuseme mtoto wa kike alizaliwa akiwa na kilo 3.2. Alipofikisha miezi 3 alikuwa na kilo 5.8, na miezi 6 kilo 7.3. Nukta zote tatu zimeangukia mstari wa 50. Mwezi wa 7 alipimwa kilo 7.3, mwezi wa 8 kilo 7.4, na mwezi wa 9 kilo 7.3.

Mhudumu anayetazama nukta ya mwisho pekee ataiona kwenye mstari wa 15, mbali na mstari wa chini kabisa. Ataandika kwamba mtoto anaendelea vizuri. Lakini anayeunganisha nukta ataona mstari uliolala tangu mwezi wa 6. Katika miezi hiyo mitatu mtoto wa mstari wa 50 hupanda kutoka kilo 7.3 hadi kilo 8.2, yaani gramu 900. Huyu hakuongeza chochote. Hajafika eneo la hatari, ila anaelekea huko, na huu ndio wakati ambao msaada hufaa zaidi.

Kuthibitisha kabla ya kuhukumu

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba kosa si la kipimo. Mizani isomeke sifuri kabla ya mtoto kupandishwa. Kwa mizani ya kuning'inia, irudishwe sifuri chupi ya kupimia ikiwa imetundikwa tupu. Mtoto avuliwe nguo nzito na nepi. Umri uhesabiwe kutoka tarehe ya kuzaliwa, kwa miezi iliyotimia, na chati iwe ya jinsia yake. Kosa la mwezi mmoja katika umri laweza kumhamisha mtoto kutoka mstari mmoja kuelekea mwingine pasipo mabadiliko yoyote mwilini mwake. Aliyezaliwa kabla ya wakati huhesabiwa umri uliorekebishwa, kwa kupunguza majuma aliyowahi, hadi afikishe miaka 2.

Mtoto wa mfano wetu alipimwa tena, na uzito ukawa uleule. Mhudumu alimwonyesha mama mstari uliolala, kisha akauliza: "Mama, tangu alipoanza kula, hula nini na mara ngapi kwa siku?" Mama akajibu, "Dada, nampa uji asubuhi na jioni. Mchana nakuwa shambani, anabaki na bibi yake." Uji huo ulikuwa wa mahindi matupu, mwepesi kiasi cha kunyweka kwa kikombe. Mwezi wa 8 mtoto aliharisha kwa siku tano.

Uji wa namna hiyo hujaza tumbo dogo kwa maji na huacha upungufu wa nishati na protini. Kuharisha kukaongeza upotevu. Mhudumu pia aliuliza kuhusu homa, kikohozi cha muda mrefu, na hali ya mama kuhusu virusi vya UKIMWI, kwa kuwa chakula si sababu pekee ya mstari kulala. Kisha alipima mzunguko wa mkono na kubonyeza miguu yote miwili.

Ushauri ulikuwa wa mambo machache. Uji upikwe mzito, usiochuruzika upesi kwenye kijiko, uongezwe karanga zilizosagwa au unga wa dagaa, na mafuta kidogo. Mlo uwe mara tatu hadi nne kwa siku, bibi akihusishwa katika mlo wa mchana, na kunyonya kuendelee. Mama alitakiwa kurudi baada ya wiki mbili badala ya kungoja mwezi. Mwezi wa 10 mtoto alikuwa na kilo 7.9, na mwezi wa 11 kilo 8.2. Mstari ulikuwa umeinuka kuelekea njia yake ya awali.

Mipaka ya chati

Chati ya uzito kwa umri haitofautishi mtoto mfupi na mtoto aliyekonda. Ndiyo maana urefu nao hupimwa. Pia, si kila kuvuka mstari ni ugonjwa. Aliyezaliwa mzito sana, kwa mfano, huweza kushuka taratibu katika miezi ya mwanzo hadi kwenye njia inayolingana na maumbile ya wazazi wake. Tofauti ni kwamba huyo huendelea kuongeza uzito kila mwezi, ingawa polepole.

Hatari kubwa zaidi ni uzito unaopanda kwa sababu ya maji. Mtoto mwenye utapiamlo mkali aweza kuvimba miguu yote miwili, na nukta yake ikaonekana nzuri. Kidole kikibonyezwa juu ya wayo kwa sekunde 3 na kuacha shimo kwenye miguu yote miwili, mtoto huyo apelekwe kwenye matibabu siku hiyohiyo, hata kama nukta yake ipo kwenye mstari wa 50. Vivyo hivyo kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59 ambaye mzunguko wa mkono wake uko chini ya sentimeta 11.5.