Roli ya waya inayomkimbia fundi

*Tukivuta waya kwenye roli iliyo sakafuni, mara inatufuata, mara inatukimbia. Sakafu imenyooka. Tatizo nini? Fundi umeme, Morogoro*

Roli ya fundi huyu ni nzima. Kinachobadilika ni pembe ya mkono wake. Roli huzungukia mahali inapogusa sakafu. Msuguano nao unapita hapohapo, hivyo hauna nguvu ya kuizungusha. Mwamuzi ni waya peke yake.

Waya ukitokea chini ya kiini, aurefushe kwa macho hadi sakafuni. Mstari ukitua nyuma ya mguso, roli itamfuata huku ikiviringa waya. Ukitua mbele, upande wake, itamkimbia ikiufungua. Ukipita kwenye mguso wenyewe, haibingiriki. Akivuta kwa nguvu, itateleza tu.

Kwa waya uliojaa hadi nusukipenyo sentimita 10 na ukingo wa 20, kosaini ya pembe hiyo ya mpaka ni 10/20, yaani digrii 60 kutoka sakafuni. Waya ukipungua hadi sentimita 5, mpaka hupanda karibu digrii 75, kwa hiyo mkono uleule huleta matokeo mengine.

Dawa ni kupitisha bomba katikati na kuiinua roli kwenye stendi. Ikiwa nzito na sakafu ina mteremko, aiwekee kabari na kuomba msaidizi.