SOMO LA JIKONI: MATUMBO YA NGOMBE, YALAINIKE NA YASINUKE



Kila siku ya posho, kama pesa ya nyama ni kidogo, ekonoma anarudi kutoka sokoni na matumbo. Ni nyama ya bei nafuu na kila mutu anaweza kupata kipande. Lakini yakipikwa vibaya, sahani zinarudi jikoni zikiwa zimejaa, na wale wadogo wa mwaka wa kwanza wanalala na bugali bila mboga. Kwa hiyo sisi wa kundi la jikoni tumeandika hapa kazi yote kama tunavyoifanya, kwa matumbo ya kilo 6.

1. Harufu inatoka wapi?

Ngombe ana tumbo lenye vyumba vine. Cha kwanza ni kile kikubwa, chenye manyoya mafupi kama kitambaa cha taulo. Cha pili kiko kama sega la nyuki. Cha tatu kiko na kurasa kama kitabu. Cha ine ni laini, chenye kuteleza. Katika kile kikubwa majani yanachacha siku zote, na kuchacha huko kunazaa asidi zenye harufu kali, ile ile tunayosikia kwenye siagi iliyooza. Harufu hiyo inakaa mahali patatu: katika ile ngozi nyeusi ya ndani, katika mafuta yanayoshikamana inje, na kati ya mikunjo. Mutu anayemwaga pilipili na vitunguu bila kuondoa hivi vitatu anaficha harufu tu, haitoshi.

2. Kununua na kuosha kwanza

Tununue asubuhi, yale ya ngombe aliyechinjwa siku ile ile. Harufu ya majani na ya zizi si kitu, itatoka. Lakini yakinuka kama kitu kilichooza, na yakiteleza kwa vidole hata kisha kuoshwa, tuyaache kwa muchinjaji. Hakuna moto wa kurudisha nyama iliyooza.

Tumbo likiwa bado na mavi ndani, tunalimwagia mbali na kisima na mbali na meza ya mboga. Tunaligeuza ndani inje na kuliosha na maji baridi, mara tatu ao ine, mpaka maji yatoke bila majani. Yawe baridi, tusianze na maji ya moto. Juu ya nini? Kwa sababu moto unagandisha ute pamoja na uchafu juu ya nyama, na kisha inakuwa kazi ngumu kuutoa.

Wakati wa kuosha tupitishe vidole polepole katika ile sehemu ya sega. Ngombe anameza bila kuchagua, na misumari na vipande vya waya vinabaki pale. Mara ingine tunaona pia vidudu vidogo vyekundu, vinene kama punje ya muchele, vimeshika ukuta wa tumbo kubwa. Wengi wanaogopa na kutupa nyama yote. Si lazima. Ni minyoo ya ngombe; ikiwa hapo haiwezi kumwambukiza mutu anayekula nyama iliyoiva. Tuikwangue na tuendelee.

3. Kutoa ile ngozi nyeusi

Hapa ndipo kazi inafaulu ao inaharibika. Maji yanapaswa kuwa moto sana lakini yasichemke. Hatuna chombo cha kupima joto, basi tunachanganya: litri 10 ya maji yanayochemka na litri 5 ya maji baridi. Kwetu huku milimani maji yanachemka karibu na digri 95, na muchanganyo huo unatupa karibu digri 70.

Tukate matumbo vipande vya kilo 1 na tuingize kimoja kimoja. Tukitupa kilo 6 zote mara moja, maji yatapoa na ngozi haitatoka. Kisha dakika moja tunajaribu pembe moja kwa ukucha: kama weusi unatoka kama ganda la nyanya iliyochovywa, tunatoa kipande na kukikwangua haraka kwa mugongo wa kisu. Kama hautoki, tunakirudisha dakika moja ingine. Kisha vipande viwili tunaongeza maji yanayochemka. Kipande kikipita wakati, ama maji yakichemka, ngozi inashika kama gundi, na tutaichonga kidogo kidogo pamoja na nyama.

Ile sehemu ya kitabu inafunguliwa ukurasa kwa ukurasa. Mutu mumoja anashika, mwingine anakwangua. Kisha tunatoa mafuta ya inje kwa kisu, tunasugua vipande vyote na chumvi ya mukono mumoja, na tunaosha tena. Ndimu ni muzuri kisha hapo, lakini haiwezi kufanya kazi ya kisu.

4. Maji ya kwanza yanamwagwa

Tuweke matumbo katika maji baridi, tuchemshe bila kufunika, dakika 15. Sufuria ikae wazi, kwa sababu harufu inapanda na moshi wa maji. Tukifunika inarudi ndani. Maji hayo tunayamwaga yote, tunaosha nyama na sufuria pia. Wakati huu tunanusa. Kama kuna kipande bado kinanuka, tufungue mikunjo yake, mara nyingi tutakuta weusi uliobaki.

5. Kulainisha

Sasa tukate vipande vya vidole viwili, visiwe vidogo zaidi, kwa maana vitanywea sana. Ile minene ya tumbo kubwa inaingia kwanza; sehemu ya kitabu inaingia kisha saa moja, kwa sababu ni nyembamba. Maji mapya yafunike nyama, tufunike sufuria, na tupunguze kuni mpaka maji yacheke tu pembeni.

Kisha saa moja nyama inakuwa ngumu kama mupira wa baisikeli. Wapishi wengi wanakata tamaa hapo na kusema ngombe alikuwa muzee. Hapana. Nyuzi za tumbo kwanza zinajikunja na moto, ndipo baadaye zinayeyuka polepole na kuwa kama gundi laini ndani ya muchuzi. Hilo linaomba saa 3, mara ingine 4. Kuongeza kuni hakufupishi sana wakati, kunakausha maji tu. Maji yakipunguka tuongeze ya moto, maana ya baridi yanasimamisha upishi.

Alama ya kuiva: uma unaingia katika kipande kinene kuliko vyote na kutoka bila kuvuta nyama. Tusijaribu na kile chembamba, kitatudanganya.

Vitunguu, nyanya, mafuta ya mawese na chumvi vinaingia nusu saa ya mwisho. Chumvi ikiingia mwanzo, maji yakipunguka muchuzi unakuwa mukali.

Hivi, kwa chakula cha jioni, kazi ya kuosha inaanza asubuhi, na sufuria ya kulainisha iwe juu ya mafiga muchana, si kisha masomo ya jioni.

MASWALI YA KUJIPIMA
1. Juu ya nini tunaosha kwanza na maji baridi?
2. Weusi umeshika na hautoki: ni makosa gani mawili yanaweza kuwa yamefanyika?
3. Kisha saa moja na nusu nyama ni ngumu. Utafanya nini, na hutafanya nini?