Jina la binti halipo: tungoje au tuombe tena?

Swali: Binti yangu amemaliza kidato cha sita, PCB, ana C tatu. Aliomba udaktari vyuo vitatu, kote hakuchaguliwa, ilhali vigezo vya TCU anavyo. Rafiki yake amechaguliwa kote kutatu! Sasa kuna kijana anasema jina la mwanangu liko kwenye orodha ya akiba, tumpe laki mbili alisukume. Tufanyeje? — Mama, Mwanza

Jibu: Mama, hela yako usiitoe. Kwenye udahili wetu wa shahada ya kwanza, aliyekosa awamu ya kwanza hawekwi akiba akingoja kuitwa. Awamu ya pili ikifunguliwa anaomba upya, chuoni moja kwa moja. Mkikaa kungoja, dirisha litafungwa mngali mnangoja.

Vigezo alivyonavyo ni vya kumruhusu kuomba tu. Udaktari unataka angalau D tatu za Fizikia, Kemia na Baiolojia, yaani pointi 6. Yeye ana 9, kwa kuwa C moja ni pointi 3. Lakini waombaji wakizidi nafasi, chuo huwapanga kuanzia mwenye pointi nyingi na kushuka mpaka nafasi ziishe. Pointi za yule wa mwisho kuingia ndizo mpaka wa mwaka huo, na hakuna anayezijua kabla waombaji hawajapangwa.

Huyo rafiki yake ameshika nafasi tatu, na atasoma moja. TCU humtaka athibitishe chuo kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu yake, ndani ya siku zilizotangazwa. Akishathibitisha, zile mbili zinabaki wazi. Tuseme chuo kilichagua watu 100, na 25 kati yao wakathibitisha kwingine: hizo 25 ndizo zitakazogombewa awamu ya pili.

Hapo msijidanganye. Kama wa mwisho kuingia alikuwa na 11, wenye 10 nao walikosa, na watarudi kuomba wakiwa mbele ya binti yako. Kama alikuwa na 10, wenye 9 wanafuata, na matumaini yake ni makubwa zaidi. Mwulizeni ofisa udahili wa kila chuo swali hilo hilo: wa mwisho alikuwa na pointi ngapi? Kisha msome orodha ya kozi zenye nafasi, maana kozi iliyojaa haimo.

Ningekuwa mzazi wake, ningemwachia udaktari pale tu ambapo mpaka ulikuwa karibu na 9 yake, na kwingine aombe uuguzi, famasia au sayansi za maabara, kozi ambazo yuko radhi kuzisoma kweli. Laini ya simu aliyojaza kwenye maombi isizimwe. Na safari hii akichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, athibitishe siku ile ile namba inapoingia.